Kanuni ya MaVa/MbVb au njia ya moli: ipi uishike unapotafuta mkolezo wa asidi

Chupa ilikuwa moja, bureti ilikuwa moja, namba zilizoandikwa ubaoni zilikuwa zilezile, lakini majibu yalikuja mawili. Binti wa Kidato cha Sita alipata 4.81 M. Kijana wa Kidato cha Nne alipata 19.2 M. Kila mmoja alirudia hesabu yake kwenye kikokotoo mara mbili, na kikokotoo hakikumkatalia yeyote.

Hiyo ilikuwa twisheni ya jioni, Temeke, na asidi yenyewe ilikuwa maji ya betri niliyonunua Gerezani kwenye chupa ya plastiki isiyo na maandishi yoyote ya mkolezo. Ndiyo sababu niliipenda. Asidi ya kwenye maswali ya mitihani huja na jibu lake limefichwa nyuma ya karatasi, lakini ile ya Gerezani hata muuzaji hajui ina moli ngapi. Anajua tu kwamba haidromita yake ikizama ndani ya chupa inasoma karibu na 1.28, na kwake hiyo inatosha.

Wanafunzi wangu wanagawanyika makundi mawili, na kila kundi linaona lenzake linajitesa. Wengine wanashika kanuni ya mstari mmoja, wanajaza namba na kumaliza. Wengine wanapita kwenye moli, hatua kwa hatua. Nimefundisha njia zote mbili kwa miaka kadhaa na sina upande wa kishabiki, ila nina maoni kuhusu wakati gani ushike ipi. Chupa ile inatosha kuyaeleza.

Kwanza tulichofanya. Asidi ya betri ni kali mno kuiweka kwenye bureti kama ilivyo, kwa hiyo tuliizimua. Tulichukua mililita 10 kwa pipeti yenye mpira wa kuvutia (mdomo hauhusiki kabisa hapa), tukazimimina taratibu ndani ya maji yaliyosafishwa, kisha tukaongeza maji hadi alama ya lita 1. Asidi inaingia kwenye maji. Ukimimina maji juu ya asidi, joto linalotoka linaweza kuyachemsha papo hapo na kukurushia usoni. Asidi hiyo iliyozimuliwa mara 100 ndiyo iliyopanda kwenye bureti. Kwenye chupa ya koni tuliweka mililita 25 za sodiamu haidroksaidi ya 0.100 M na matone mawili ya methili oranji, na rangi ikawa manjano. Tukafungua bureti mpaka manjano ikageuka chungwa.

Mzunguko wa kwanza, ule wa kukisia, ulitumia mililita 26.60. Mitatu iliyofuata ilitoa 25.95, 26.05 na 26.00. Wa kukisia hauingii kwenye wastani, kwa sababu ulipita mahali pake na kila mtu aliona rangi ilivyokimbilia wekundu. Wastani wa mitatu ni 26.00.

Mlinganyo ni huu, na kila kitu kinachofuata kinategemea ile 2 iliyo mbele ya NaOH:

H₂SO₄ + 2NaOH → Na₂SO₄ + 2H₂O

Asidi hii ina haidrojeni mbili za kutoa kwa kila molekyuli, na kila NaOH inapokea moja tu. Kwa hiyo moli moja ya asidi inazimwa na moli mbili za alikali.

Binti alianza na kile anachokijua kikamilifu, yaani alikali, kwa sababu mkolezo wake na ujazo wake vyote vipo. Mililita 25 ni lita 0.0250. Akazidisha kwa 0.100 akapata moli 0.00250 za NaOH. Hapo akasimama akauangalia mlinganyo na kujiuliza swali moja la lugha ya kawaida: kama alikali ni moli 0.00250, asidi iliyoizima ni moli ngapi? Ni nusu yake, kwa kuwa asidi moja inakula alikali mbili. Yaani 0.00125. Moli hizo zilitoka ndani ya mililita 26.00 za bureti, ambazo ni lita 0.0260, kwa hiyo mkolezo ni 0.00125 ÷ 0.0260, sawa na 0.0481 M. Akazidisha kwa 100 kurudisha uzimuaji, akapata 4.81 M.

Kijana aliandika mstari mmoja:

MaVa / MbVb = na / nb

Hapo a ni asidi, b ni besi, M ni mkolezo, V ni ujazo, na n ni namba iliyo mbele ya kila kimoja kwenye mlinganyo. Uzuri wake unaonekana mara moja. Ujazo uko juu na uko chini, kwa hiyo mililita zinakatana na mililita na huna haja ya kugeuza kitu kuwa lita. Akijaza sawasawa anapata Ma = (1 × 0.100 × 25) ÷ (2 × 26.00) = 0.0481 M. Jibu ni lilelile la binti, kwa sekunde kama ishirini. Lazima liwe lilelile, maana mstari huo ni njia ya moli iliyokunjwa: MaVa ni moli za asidi, MbVb ni moli za alikali, na mstari unasema tu kwamba zinagawana kama mlinganyo unavyosema.

Lakini yeye hakujaza hivyo. Aliweka 2 juu na 1 chini. Nilipomuuliza kwa nini, jibu lake lilikuwa la kweli kabisa: "Mwalimu, asidi ina haidrojeni mbili, kwa hiyo asidi ndiyo mbili." Kemia yake ilikuwa sahihi, ila aliiweka mahali pasipo pake. Haidrojeni mbili za asidi ndizo zinazoifanya *alikali* iwe na 2 mbele yake. Kanuni inataka namba ya mbele, wala haiulizi ndani ya molekyuli kuna nini. Na kwa sababu kanuni ni nafasi tupu za kujaza, haina namna ya kukuzuia ukijaza juu chini.

Tazama ukubwa wa kosa. Uwiano wa kweli ni nusu. Yeye aliweka mbili. Nusu hadi mbili ni mara nne, na ndiyo maana 4.81 iligeuka 19.2. Angekuwa amesahau tu kabisa ile 2 na kuweka moja kwa moja, angepata 9.62, yaani mara mbili ya ukweli. Nimezoea kuzitumia hizi kama alama za miguu: daftari likiwa na jibu mara mbili ya lile sahihi, mwenye daftari hakuangalia mlinganyo; likiwa mara nne, aliangalia lakini akageuza.

Na hapa chupa halisi inalipa faida ambayo swali la mtihani halina, maana jibu la 19.2 M linajikana lenyewe. Asidi salfuriki ya maabara, ile nzito ya asilimia 98, ina takriban 18.4 M. Hata ukiwa na asidi tupu bila tone la maji hufiki 19. Kijana alikuwa anatuambia kwamba ndani ya chupa ya Gerezani kuna asidi iliyojaa kuliko asidi yenyewe. Jibu la binti nalo tuliliweka kwenye mizani: 4.81 M mara gramu 98 kwa moli ni kama gramu 471 za asidi kwa kila lita. Kama haidromita inasema kweli, lita hiyo ina uzito wa karibu gramu 1280. Gramu 471 ndani ya 1280 ni kama asilimia 37, na asidi ya asilimia 37 ndiyo hasa inayosoma karibu 1.28 kwenye haidromita. Vipimo viwili visivyojuana, bureti yetu na haidromita ya muuzaji, vilikutana.

Sasa, mbona kijana huyu alikuwa akipata alama nzuri siku zote? Nilifungua daftari lake. Karibu maswali yote aliyoyafanya nyumbani yalikuwa ya asidi haidrokloriki na sodiamu haidroksaidi. HCl + NaOH → NaCl + H₂O ni moja kwa moja. Ukigeuza moja juu ya moja inabaki moja juu ya moja. Unaweza kufanya mazoezi mia ya namna hiyo ukiwa umeielewa kanuni juu chini, na zote mia zitatoka sahihi. Kwa hiyo ukitaka kujua kama unaijua njia yako, usijipime kwa HCl na NaOH. Chukua asidi salfuriki, au chukua sodiamu kaboneti.

Kuna jambo jingine lililozigawa njia hizi jioni ile, nalo halikuwa la hesabu. Matone kadhaa ya asidi yalinata kwenye ukuta wa chupa ya koni, na binti akachukua chupa ya maji akayasukuma chini. Kijana akashtuka: "Umeharibu, dada! Sasa sio ishirini na tano tena." Ukiwa na kanuni tu kichwani, wasiwasi wake una maana, kwa sababu Vb imeandikwa 25 na mbele ya macho yako ujazo umeongezeka. Binti hakushtuka, kwa kuwa kichwani mwake ndani ya chupa ile hakukuwa na mililita 25, kulikuwa na moli 0.00250. Maji hayaongezi moli wala hayapunguzi. Alikali ni ileile, itahitaji asidi ileile. Vb ni ujazo uliopita kwenye pipeti, basi. Kwa sababu hiyohiyo chupa ya koni inasuuzwa kwa maji matupu na inaweza kubaki na unyevu, ila bureti inasuuzwa kwa asidi itakayoingia humo, na pipeti kwa alikali itakayobeba. Unyevu wa maji kwenye pipeti unapunguza moli kabla hazijafika. Mwenye njia ya moli haya anayajua bila kukariri.

Nisiipambe sana njia ya moli lakini. Ina mashimo yake, mawili hasa. La kwanza ni kusahau kugawa kwa 1000, na kosa hilo halina adabu: linakupa asidi yenye mkolezo mara elfu au sehemu ya elfu, kwa hiyo linaonekana haraka. La pili ni baya zaidi kwa kuwa linajificha. Ni kukatakata namba katikati ya njia. Moli 0.00125 ukiiandika 0.001 kwa sababu daftari limebana, jibu la mwisho linakuwa 3.85 M badala ya 4.81, na 3.85 haionekani ya ajabu hata kidogo. Inawezekana kabisa kuwepo chupa ya betri ya 3.85. Kanuni haina tatizo hili, kwani unabonyeza mara moja na kukata mara moja mwishoni. Kwa mtu mwenye haraka na mwandiko mbaya, kanuni ni salama kuliko moli, na nasema hivyo nikiwa najua nitachukiwa na walimu wenzangu.

Uzimuaji nao unachanganya wenye kanuni. Nimeshaona mtu akiweka lita 1 ya uzimuaji kwenye Va, kwa sababu tu ni ujazo na una asidi. Va ni kile kilichotoka kwenye bureti. Uzimuaji unashughulikiwa baadaye, peke yake, kwa kuzidisha 100. Kwenye moli hatua hizo zinatengana zenyewe, kwa kuwa unauliza kila mara: moli hizi zilikuwa ndani ya ujazo upi?

Pahali pagumu kuliko pote ni kwenye kaboneti, na hapo nadhani kanuni peke yake haifai kabisa. Sema unatafuta mkolezo wa asidi haidrokloriki ukitumia mililita 25 za sodiamu kaboneti ya 0.100 M. Mlinganyo ulioukariri ni huu:

Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂

Kwa methili oranji, chungwa linatokea baada ya mililita 25.00. Moli za kaboneti ni 0.00250, asidi ni mara mbili yake, 0.00500, na mkolezo ni 0.200 M. Sawa. Siku nyingine kabati halina methili oranji, mtu anatumia fenolfthalini. Upinki unafutika baada ya mililita 12.50 tu. Anaweka uwiano uleule wa mbili kwa moja, anapata 0.400 M. Asidi ni ileile.

Kilichotokea ni kwamba fenolfthalini inafutika mapema, pale ambapo kaboneti imepokea haidrojeni moja tu na kuwa baikaboneti:

Na₂CO₃ + HCl → NaHCO₃ + NaCl

Uwiano wa hapo ni moja kwa moja: moli 0.00250 kwenye lita 0.0125, na 0.200 M inarudi. Kiashiria ndicho kinachochagua mlinganyo ulio halali. Mtu wa kanuni hujaza uwiano wa na / nb kabla hajagusa bureti. Mtu wa moli analazimika kujiuliza, rangi ilipobadilika, nani alikuwa amekutana na nani. Kwa chupa yetu ya betri swali hili halikujitokeza, kwa kuwa asidi salfuriki na sodiamu haidroksaidi ni kali zote mbili, na methili oranji na fenolfthalini zinabadilika karibu kabisa na pahali pamoja.

Kuna kasoro moja isiyotibiwa na njia yoyote kati ya hizi mbili. Zote zinaamini ile 0.100 ya alikali. Punje za sodiamu haidroksaidi zinavuta unyevu na kabonidayoksaidi ya hewani, na kwa hewa ya Dar, ukiacha kopo wazi dakika chache tu, punje zinaanza kung'aa na kunatana. Ukipima gramu 4 za punje hizo kwa lita moja, sehemu ya uzito huo ni maji, na 0.100 yako ni ya kwenye lebo tu. Alikali ikiwa dhaifu kuliko unavyoamini, inahitaji asidi kidogo, Va inapungua, na hesabu inakuambia asidi ina mkolezo mkubwa kuliko ulivyo. Dawa yake ni kuipima alikali yenyewe kwanza dhidi ya asidi ambayo mkolezo wake umeshaupata kwa sodiamu kaboneti iliyokaushwa vizuri, kisha utumie namba utakayoipata, hata kama ni 0.097 isiyopendeza.

Basi ushike ipi? Kama unajifunza, au mlinganyo si wa moja kwa moja, au kuna uzimuaji, au kiashiria kinaweza kuleta hadithi, nenda na moli. Kama uwiano umeshauthibitisha na una usomaji mwingi wa aina moja, kanuni ni bora, tena usiishie kwenye kanuni ya kitabuni. Ikunje zaidi. Kwenye kazi yetu alikali ni ileile kila mara, uwiano ni uleule, uzimuaji ni uleule. Moli za asidi ni 0.00125 daima. Ukiziweka zote pamoja, mkolezo wa chupa ni 125 ÷ Va, Va ikiwa kwa mililita. Kwa chupa ya kwanza, 125 ÷ 26.00 ni 4.81. Binti aliiandika hiyo 125 kwa chaki pembeni ya ubao, na akaandika chini yake ilikotoka, ili atakayebadilisha pipeti au alikali ajue kwamba namba hiyo imekufa.

Kijana ndiye aliyeitumia kwanza. Jumamosi iliyofuata tulileta chupa ya duka la pili. Akasoma bureti, wastani 31.25, akagawa 125 kwa 31.25, akapata 4.00 M kamili. Akatabasamu: "Mwalimu, huyu ameongeza maji." Nikamwambia apeleke chupa kwa fundi betri wa mtaani kabla hajamhukumu mtu. Haidromita ya mzee yule ilisoma kati ya 1.23 na 1.24, na hiyo inaendana na 4.00 M. Kijana akamwamkia, akamweleza kwamba asidi ni nyepesi kuliko ile ya kwanza. Mzee akacheka. Akasema ile ya 1.28 ni ya nchi za baridi. Kwa joto la hapa wengi huijaza betri kwa 1.24 makusudi, kwa sababu asidi nzito kwenye joto inazila sahani mapema. Kijana akarudi na chupa yake, na kwenye daftari, mbele ya 4.00 M, neno "imechakachuliwa" likakatwa kwa mstari mmoja.